Kotrimoksazoli kwa wanaoishi na VVU: kinga yake, vipele vyake na wakati wa kurudi kliniki

Kotrimoksazoli ni dawa ya kuua vijidudu ambayo watu wengi wanaoishi na VVU humeza kila siku wakiwa hawaumwi, ili magonjwa nyemelezi yasipate nafasi. Afrika Mashariki watu huiita Septrini, jina la kibiashara lililozoeleka kuliko jina lenyewe. Haiui virusi vya UKIMWI wala haipunguzi wingi wake katika damu. Kazi hiyo ni ya ARV. Septrini hulinda mwili katika kipindi ambacho ARV bado hazijaurudishia nguvu zake, na mahali penye malaria nyingi huendelea kuwa na faida hata baada ya hapo.

Ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili: trimethoprimu na sulfamethoksazoli. Ile ya pili ni ya jamii ya sulfa, nayo ndiyo inayoshukiwa zaidi katika habari ya vipele tutakayoieleza mbele. Vijidudu vingi havipati foliki kutoka kwenye chakula kama sisi, bali hujitengenezea vyenyewe, na bila hiyo haviwezi kuzaana. Sulfamethoksazoli huziba hatua moja ya utengenezaji huo, trimethoprimu huziba hatua inayofuata. Kwa kuwa mwanadamu hula foliki iliyokwisha kutengenezwa, katika mboga za majani na maharage kwa mfano, dawa humuumiza kijidudu zaidi kuliko inavyomuumiza mgonjwa.

Kidonge cha kawaida kina miligramu 480, yaani 80 za trimethoprimu na 400 za sulfamethoksazoli. Kipo pia kikubwa cha miligramu 960. Mtu mzima anayekingwa humeza miligramu 960 mara moja kwa siku, iwe ni vidonge viwili vidogo au kimoja kikubwa. Hapa pana kosa linalojirudia: mwezi huu kliniki ina vikubwa, mwezi ujao ina vidogo, na mgonjwa aliyezoea kumeza kimoja anaendelea kumeza kimoja bila kujua kwamba sasa anapata nusu ya dozi. Kila pakiti inapobadilika rangi au ukubwa, ni vizuri kusoma namba iliyoandikwa juu yake au kumuuliza mtoa dawa pale pale dirishani. Dozi ya watoto hupimwa kwa uzito, na kwa wachanga kuna vidonge vya miligramu 120 vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama yaliyokamuliwa.

Inazuia nini

Adui wa kwanza wa Septrini ni nimonia inayoitwa PCP, ambayo husababishwa na kuvu. Mtu mwenye kinga imara hukutana na kuvu huyo bila kuugua. Aliyeishiwa na kinga huanza kwa kikohozi kikavu na homa, kisha pumzi inakuwa fupi kidogo kidogo kwa siku au wiki kadhaa. Anayeugua PCP huweza kukaa kwenye kiti akaongea vizuri, lakini akitembea kutoka mlangoni hadi bombani anahema kama aliyekimbia. Daktari akiweka kifaa chake kifuani mara nyingi hasikii chochote cha ajabu, ndiyo maana ugonjwa huu hupita bila kutambuliwa. Kwa watoto wenye VVU huja mapema sana, hasa kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na huua haraka. Hii ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa Septrini akiwa na wiki nne hadi sita, kabla hata haijathibitishwa kama ameambukizwa. Huendelea nayo mpaka hatari ya kuambukizwa kwa kunyonya iishe na vipimo vionyeshe kwamba hana virusi.

Wa pili ni toksoplazma, kimelea kinachoingia kupitia nyama isiyoiva vizuri au kinyesi cha paka na kulala mwilini kwa miaka. CD4 zikishuka sana kinaamka na kushambulia ubongo: kichwa kinauma, upande mmoja wa mwili unakosa nguvu, wengine huanza degedege. Dozi ile ile inayozuia PCP inakizuia hiki pia.

Kisha kuna magonjwa ya kawaida ambayo kwa mtu mwenye kinga dhaifu si ya kawaida tena: nimonia za bakteria, aina fulani za kuharisha, na malaria. Huko Tororo, mashariki mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watu wenye VVU kabla ARV hazijawafikia, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Baada ya kuanza Septrini ya kila siku vifo vilipungua kwa asilimia 46, malaria kwa asilimia 72, na kuharisha kwa asilimia 35. Matokeo hayo yalipatikana mahali ambapo bakteria wengi walikuwa tayari sugu kwa dawa hii. Kwa hiyo anayesema Septrini imechakaa haifai tena anachanganya mambo mawili: inaweza kushindwa kutibu ugonjwa uliokwisha kuota, na bado ikafaa sana kwa kinga.

Mipaka yake nayo ijulikane. Septrini haizuii kifua kikuu, ambacho kina dawa zake za kinga. Haizuii homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokokasi. Haizuii utando mweupe wa mdomoni. Mtu anayemeza Septrini kila siku bila kukosa akipata kikohozi kisichokwisha, jasho la usiku, au kichwa kinachouma siku baada ya siku, asijifariji kwamba amekingwa. Anahitaji kuchunguzwa.

Nani aanze, na hadi lini

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinga hii kwa mtu mzima mwenye CD4 350 au chini yake, au aliyefika hatua ya tatu au ya nne ya ugonjwa hata kama CD4 zake hazijapimwa. Mwenye VVU na kifua kikuu kwa pamoja anahesabiwa humo moja kwa moja. Mahali ambapo malaria au maambukizi makali ya bakteria ni mengi, shirika hilo linapendekeza wote wapewe bila kujali CD4. Kila nchi imejiwekea mstari wake ndani ya mapendekezo hayo, na mstari huo umekuwa ukisogezwa kadiri ARV zinavyoanza mapema. Ndiyo maana ndugu wawili, mmoja akihudumiwa Kenya na mwingine Tanzania, wanaweza kupewa maelekezo tofauti bila yeyote kati yao kudanganywa.

Kuacha pia ni uamuzi wa kliniki. Kwa nchi zisizo na malaria nyingi, mtu mzima ambaye ARV zimemkaa vizuri, CD4 zake zimevuka 350 na virusi vimefubaa, anaweza kuachishwa. Kwenye malaria nyingi hesabu hubadilika. Utafiti uliofanywa Homa Bay, Kenya, ukachapishwa mwaka 2016, uliwagawa watu wazima 500 waliokuwa imara kwenye ARV: nusu waliendelea na Septrini, nusu waliachishwa. Walioachishwa waliugua zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa malaria.

Vipele

Sababu inayowafanya watu wengi waache Septrini kimya kimya ni vipele, na vipele hivyo hivyo ndivyo vinavyoweza, kwa wachache, kuwa mwanzo wa jambo la kuua. Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayopingana: kuacha kinga kwa ajili ya muwasho ambao ungepita wenyewe, na kuendelea kumeza huku ngozi ikianza kubabuka. Kinachotenganisha hali hizi mbili si ukali wa muwasho. Vipele vinavyowasha usiku kucha mara nyingi ni vyepesi, na vile vya hatari huweza visiwashe kabisa bali viume. Mambo ya kuangalia ni manne: homa, macho, kinywa na sehemu za siri, na ngozi yenyewe kama ina malengelenge au inauma ikiguswa.

Vipele vya Septrini kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza, hasa wiki ya pili. Aliyemeza dawa hii kwa miaka mitatu kisha akawashwa leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo ni kingine, ingawa bado aonwe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaosimuliwa vitabuni hauonekani. Kinachoonekana ni madoa meusi zaidi au ya zambarau. Njia nzuri ni kupitisha kiganja kifuani na mgongoni: ngozi iliyokuwa laini inakuwa na chembechembe kama mchanga.

Tumchukue mwanamke wa mfano, miaka 36, kilo 54, anayeishi Muheza, wilaya ya mkoa wa Tanga yenye malaria. Amepimwa, CD4 zake ni 130. Siku hiyo hiyo anaanzishiwa ARV zenye dolutegraviri pamoja na Septrini, vidonge viwili vya miligramu 480 kila asubuhi. Siku ya tisa anaamka akiwashwa. Jirani anamwambia, "Hizo dawa zinakuunguza, ziache mpaka upate nafuu." Mgonjwa anakwenda kliniki siku ya pili yake.

"Shikamoo dada nesi."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona umekuja kabla ya tarehe?"

"Mwili unaniwasha, sijalala."

Nesi haanzi na muwasho. Anauliza kama amehisi homa au baridi. Anauliza kama macho yanachoma au yanatoa machozi, kama kumeza kunauma, kama haja ndogo inachoma. Kisha anamwambia afungue mdomo, anaangalia ndani ya midomo na kaakaa kwa tochi, na anavuta kope za chini. Anampima joto: 36.9. Ndipo anapoangalia ngozi. Vipele vidogo vimeenea kifuani, mgongoni na mikononi, hakuna lengelenge hata moja, na akibonyeza ngozi mgonjwa hakunji uso. Anauliza pia swali ambalo husahaulika: "Kuna dawa nyingine umemeza wiki hizi, hata ya dukani?"

Hili ni daraja la pili katika madaraja manne ambayo wahudumu hutumia kupima madhara haya. La kwanza ni ngozi kubadilika rangi na kuwasha tu. La pili ni vipele vilivyoenea, pengine na magamba makavu. La tatu ni malengelenge, au vidonda kwenye utando laini wa kinywa, macho au sehemu za siri. La nne ni ngozi kubabuka na kuacha unyevunyevu, pamoja na ule ugonjwa wa hatari unaoitwa Stevens-Johnson. Katika madaraja mawili ya kwanza dawa haisimamishwi. Mgonjwa wetu anapewa setirizini ya kupunguza muwasho, anaambiwa aendelee na Septrini na ARV, arudi baada ya siku mbili aonwe tena, na anapewa namba ya simu. Kumwangalia tena ni sehemu ya matibabu. Daraja la pili bila kurudi kuonwa ni kamari. Siku ya kumi na nne vipele vyake vimekauka, ngozi inatoa vigamba vyepesi, na muwasho umekwisha. Amebaki na kinga yake.

Sasa tuseme mambo yalikwenda vingine. Jioni ya siku ya kumi na moja anapata homa. Macho yanachoma na hayataki mwanga. Asubuhi midomo imevimba na ina vidonda, na kwapani kuna malengelenge. Ngozi haiwashi tena. Inauma hata kanga ikiigusa. Hapo hasubiri tarehe ya kurudi wala hamezi dozi ya asubuhi. Septrini inasimama saa hiyo hiyo na anakwenda hospitali yenye wodi ya kulaza, si dukani kutafuta krimu. Anabeba pakiti za dawa zake zote, maana daktari ataamua kuhusu ARV baada ya kuona alichokuwa anameza. Huko atatunzwa kama aliyeungua moto: maji ya mishipani, usafi wa ngozi, dawa za maumivu, na uangalizi wa macho, kwa sababu makovu ya Stevens-Johnson yanaweza kupofusha. Akipona, hatagusa tena dawa yoyote ya sulfa maisha yake yote.

Si kila kipele ni cha Septrini. Vipo vile vidogo vigumu vya mikononi na miguuni vinavyowasha kwa miezi na kuacha madoa meusi. Hivyo huletwa na VVU vyenyewe na hupungua ARV zinapofanya kazi. Kuna upele wa kuambukizana unaowasha zaidi usiku katikati ya vidole, na mara nyingi watoto wa nyumba hiyo nao wanajikuna. Nevirapini, ambayo bado hutumika kwa baadhi ya watoto wachanga, inaweza kuleta vipele vya hatari kama vya Septrini. Anayemeza abakaviri, akipata vipele pamoja na homa, kutapika au shida ya kupumua, na hali ikazidi kila baada ya dozi, anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Kuna pia alama moja ya sulfa ambayo huwatesa watu kwa aibu. Doa moja la mviringo, jeusi au la zambarau, pengine na lengelenge katikati, linatokea mdomoni au kwenye uume au uke. Linapona na kuacha weusi, kisha linarudi pale pale dawa ya sulfa inapomezwa tena. Wengi hudhani ni ugonjwa wa zinaa, nyumba inaingia ugomvi, na mtu anatibiwa kwa sindano zisizohusika. Kurudi mahali pale pale baada ya dawa ndiko kunakolitambulisha. Mwenye nalo aieleze kliniki ili abadilishiwe dawa.

Wakati wa kurudi

Muwasho au vipele visivyo na dalili nyingine viletwe kliniki siku hiyo au kesho yake, bila kuacha dawa. Lakini malengelenge, vidonda vya kinywani, machoni au sehemu za siri, homa pamoja na vipele, uso au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, au ngozi kuuma na kubabuka, ni mambo ya kusimamisha Septrini na kwenda hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku. Macho kuwa ya manjano na mkojo kuwa kama chai ya rangi ni alama ya ini, na yana uzito ule ule. Kuchoka kusiko kwa kawaida, viganja kupauka, kuvilia damu chini ya ngozi au kutoka damu kwenye fizi huashiria kwamba dawa inagusa damu. Hilo linahitaji kipimo siku hiyo hiyo, hasa kwa anayemeza pia zidovudini, ambayo nayo hupunguza damu. Mwenye ugonjwa wa figo ajulishe mapema, kwani dozi yake huenda ikapunguzwa.

Kichefuchefu cha siku za kwanza hupungua dawa ikimezwa baada ya chakula. Mtoto akitapika kila dozi, mama asisubiri tarehe.

Baada ya dawa kusimamishwa kwa vipele vya daraja la tatu, mlango haujafungwa daima. Ngozi ikishapona kabisa, kwa kawaida baada ya wiki mbili, kliniki inaweza kuuzoesha mwili polepole. Dawa ya muwasho huanza siku moja kabla. Siku ya kwanza mgonjwa hupewa mililita 2 za Septrini ya maji, ya pili mililita 4, ya tatu 6, ya nne 8. Ya tano humeza kidonge kimoja cha 480, na kuanzia ya sita dozi kamili. Hili hufanyika chini ya jicho la mhudumu tu. Kwa aliyefika daraja la nne halifanyiki kabisa. Yeye hupewa dapsoni, miligramu 100 kwa siku, ambayo huzuia PCP lakini haifikii upana wa Septrini dhidi ya bakteria. Wenye upungufu wa G6PD katika damu wanaweza kupata upungufu mkubwa wa damu wakimeza dapsoni, kwa hiyo kipimo kikiwapo kifanywe kwanza.

Mzio wa sulfa uandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa herufi kubwa, na mtu mwenyewe aukariri, kwa sababu sulfa haimo kwenye Septrini peke yake. SP, ambayo wengi huijua kwa jina la Fansida, ina sulfa, na hata Metakelfini ya zamani ilikuwa nayo. Jambo hili linawahusu hasa wajawazito. Anayemeza Septrini kila siku hapaswi kupewa SP ya kukinga malaria kliniki ya wajawazito, kwa kuwa ni sulfa juu ya sulfa na Septrini tayari inamkinga. Kila hudhurio aseme, "Mimi nameza Septrini," hata kama nesi wa siku hiyo hakumuuliza. Naye aliyewahi kubabuka na Septrini asikubali SP hata dozi moja. Kinga yake dhidi ya malaria ni chandarua chenye dawa kila usiku, na kupimwa siku ile ile homa inapoanza.